Kibao cha bei: jinsi ya kuandika skripti ya sekunde 50 inayoeleza kigeu

Video yangu ya kwanza ya kufundisha kigeu cha programu ya kompyuta ilitumia sanduku. Nilisema kigeu ni sanduku lenye jina, unaweka kitu ndani, ukikihitaji unaita jina. Ilikuwa fupi, ilieleweka, na watu waliipenda. Mwishoni niliuliza swali: kama sanduku lilikuwa na 3000, kisha nikaweka 4000, ndani kuna nini? Kijana mmoja alijibu 7000. Mwingine akasema vyote viwili, 3000 na 4000. Nikakaa nikafikiri, nikaona hawakukosea hata kidogo. Sanduku la nyumbani ukiliongezea kitu, cha kwanza hakitoki. Walifuata mfano wangu vizuri kabisa, na mfano wangu ndio uliowapoteza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika skripti ya aina hiyo, ya chini ya dakika moja, kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nitaifuata skripti moja tangu wazo hadi kurekodi. Lugha ya mfano ni Python, kwa sababu kigeu chake hakihitaji maelezo ya awali: unaandika jina, alama ya `=`, na thamani, basi.

Hatua ya 1: Andika jibu lisilo sahihi unalotaka kulizuia

Wengi huanza na maana ya neno. Mimi naanza na kosa. Chukua karatasi, andika msimbo mfupi kabisa wa dhana yako, kisha jiulize mgeni atakosea wapi. Kwa kigeu msimbo ni huu:

```python
mchele = 3000
print(mchele)
mchele = 4000
print(mchele)
```

Mistari minne. Inaonyesha 3000, kisha 4000. Mgeni akikosea, atasema mstari wa mwisho utaonyesha 7000, au namba zote mbili, au ataona msimbo wote hauna maana kwa sababu shuleni alifundishwa kwamba kitu hakiwezi kuwa sawa na 3000 na pia sawa na 4000. Makosa hayo matatu yana mzizi mmoja: hajajua kwamba thamani mpya inaifuta ya zamani na jina linabaki lilelile. Hiyo ndiyo sentensi ya video nzima. Iandike juu ya karatasi: *Jina linabaki, thamani mpya inafuta ya zamani.* Chochote kisichoisaidia sentensi hiyo kinaondoka, hata kama ni kweli na ni kizuri. Aina za data zinaondoka. Kanuni za kutunga majina zinaondoka. Habari za kumbukumbu ya kompyuta zinaondoka. Sekunde 50 zinabeba sentensi moja, na bado ni mzigo wa kutosha.

Hatua ya 2: Tafuta kitu ambacho kwa tabia yake hakiwezi kukosea

Mfano mzuri haupatikani kwa kutafuta kitu kinachofanana na dhana. Unapatikana kwa kutafuta kitu ambacho kosa lile la hatua ya kwanza haliwezekani kwake. Kwangu maana yake ilikuwa: kitu chenye jina lisilobadilika na thamani inayobadilika, ambacho hakiwezi kuwa na thamani mbili kwa wakati mmoja, na ambacho ya zamani ikiondoka imeondoka.

Nilikipata dukani, kwa mama anayeuza nafaka. Kwenye kila gunia amechomeka kibao cha mbao. Jina la bidhaa limeandikwa kwa rangi ya mafuta: MCHELE, MAHARAGE, UNGA. Chini yake bei imeandikwa kwa chaki. Nilikuwa nimesimama pale mara nyingi bila kuona kilicho mbele yangu. Rangi kwa jina, kwa sababu jina halitabadilika. Chaki kwa bei, kwa sababu bei itabadilika, na siku ikibadilika anapitisha kitambaa, anaandika nyingine. Hakuna mteja anayesoma 4000 kwenye kibao akadhani bei ni 7000, na hakuna anayeuliza ile ya jana iko wapi.

Kabla ya kuukubali mfano, upitishe kwenye msimbo mstari kwa mstari. `mchele = 3000`: kuandika kwa chaki. `print(mchele)`: mteja anasoma kibao. Angalia kwamba kusoma hakufuti kitu. Wateja kumi wakisoma, bei bado ipo. Sanduku linashindwa hapa pia, maana ukitoa kitu sandukuni, sanduku linabaki tupu, na wanafunzi wengine huamini kwamba kigeu kikishatumika kimeisha. `mchele = 4000`: kufuta na kuandika. Mistari yote minne imepita. Mstari mmoja ukigoma, tafuta mfano mwingine. Usijaribu kuurekebisha kwa maelezo, kwa sababu kila "isipokuwa" inakula sekunde nne au tano ambazo huna.

Sanduku si baya kila mahali. Katika lugha ya C, kigeu kweli ni nafasi ya ukubwa maalumu kwenye kumbukumbu, na kwenye kompyuta nyingi za leo kigeu cha aina ya `int` huchukua baiti 4. Ukifika huko, sanduku dogo linaloingia kitu kimoja tu lina kazi yake. Kwa siku ya kwanza na Python, kibao ni salama zaidi.

Hatua ya 3: Amua alama ya = utaisomaje kwa mdomo

Hapa ndipo skripti nyingi za Kiswahili zinapovunjika, na sijaona watu wakilizungumzia vya kutosha. Video inasikika. Lazima useme kitu kwa sauti unapofika kwenye `mchele = 3000`.

Ukisema "mchele ni sawa na elfu tatu", umerudisha hesabu za shule. Alama ya `=` ilianza kuchapishwa kwenye kitabu cha Robert Recorde mwaka 1557, na tangu hapo maana yake katika hesabu ni kwamba pande mbili zinalingana. Katika Python haisemi hivyo; inaamuru. Waliobuni lugha ya ALGOL waliona tatizo hili mapema, wakatumia `:=` kwa amri hiyo ili isichanganywe na usawa, lakini lugha nyingi tunazotumia leo zilifuata `=` tupu, kama Fortran ilivyofanya mwaka 1957.

Nilijaribu "inapewa". Ikaleta shida nyingine, ya kwetu wenyewe: upatanisho wa ngeli. Mchele *unapewa*, bei *inapewa*, jina *linapewa*, kigeu *kinapewa*. Kila kigeu kipya kinataka kiambishi chake, na msikilizaji anaanza kudhani kuna tofauti katika msimbo. Nilichokaa nacho ni "pokea". *Mchele, pokea elfu tatu.* Ni amri, haijali ngeli, na inaonyesha upande ambao thamani inaelekea: kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye jina. Chagua neno lako kama hili halikupendezi, lakini ukishalichagua usilibadilishe ndani ya video.

Hatua ya 4: Chagua namba kwa sikio

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na 2800. Inatamkwa "elfu mbili mia nane", maneno manne, na nilihitaji kuitamka mara tatu. Nilipoweka 3000 na 4000 nikaokoa maneno sita bila kupoteza kitu. Kiswahili ni kirefu kwenye namba, kwa hiyo tafuta zile zinazotamkwa kwa maneno mawili. Ziwe pia mbali vya kutosha kuonekana tofauti kwenye skrini ndogo, na jumla yake isifanane na yoyote kati yake, ili mtazamaji akijibu 7000 ujue mara moja kosa lake ni lipi.

Kuna mtego mmoja. Dukani na kwenye risiti tunaandika 3,000 yenye mkato. Kwenye Python mkato huo unabadilisha kila kitu:

```python
mchele = 3,000
print(mchele)
```

Hii haitoi kosa. Inaonyesha `(3, 0)`, kwa sababu Python imesoma thamani mbili, 3 na 000, ikazifunga pamoja. Mtazamaji atakayeandika kama alivyoona kwenye kibao atakutana na kitu hicho na hutakuwepo kumsaidia. Kwa hiyo kwenye kibao cha video andika 3000 bila mkato, hata kama muuzaji wa kweli angeuweka. Kitu cha mkononi na msimbo wa kwenye skrini vifanane hadi tarakimu ya mwisho. Ndiyo sababu pia kigeu changu kinaitwa `mchele`, si `x` wala `bei`: neno lililoandikwa kwa rangi ndilo lililoandikwa kwenye msimbo.

Hatua ya 5: Andika kwa kinywa, kisha pima

Nikisoma kwa mwendo wa kufundisha napata maneno mawili hivi kwa sekunde. Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Inayobadilika" peke yake ina silabi saba. Kwa hiyo sekunde 50 si maneno 100. Sekunde kumi zinahitajika kwa ukimya: kufuta kibao, na kumpa mtazamaji muda wa kusoma msimbo. Yanabaki maneno 80. Skripti yenyewe hii hapa, ina maneno 80:

> *(Kibao kimejaa skrini: MCHELE kwa rangi, 3000 kwa chaki.)*
> Tazama kibao hiki. Jina limeandikwa kwa rangi. Bei imeandikwa kwa chaki.
>
> *(Mkono unafuta 3000, unaandika 4000.)*
> Jina halibadiliki. Bei ndiyo inayobadilika. Leo elfu tatu. Bei ikipanda, muuzaji anafuta, anaandika elfu nne. Elfu tatu haipo tena.
>
> *(Skrini ya msimbo, mistari miwili ya kwanza.)*
> Kwenye programu, kibao hiki kinaitwa kigeu. Naandika: mchele, pokea elfu tatu. Naiambia kompyuta inionyeshe mchele. Inasoma kibao: elfu tatu.
>
> *(Mistari miwili ya mwisho inaongezwa.)*
> Sasa bei imepanda. Mchele, pokea elfu nne. Nauliza tena. Elfu nne. Haikujumlisha. Haikuweka bei mbili. Imefuta, ikaandika.
>
> *(Uso wako, au kibao kitupu chenye jina tu.)*
> Jaribu hili: mchele, pokea elfu nne, kisha mchele, pokea elfu mbili. Kompyuta itaonyesha nini?

Hakuna salamu, hakuna "karibuni tena kwenye chaneli". Neno la kitaalamu linatajwa mara moja, katikati, baada ya mtazamaji kuwa tayari amekiona kitu chenyewe. Ukilitanguliza neno "kigeu", anatumia sekunde kumi akijiuliza lina maana gani, na wengine huanza kufikiria mtu kigeugeu. Kama wasikilizaji wako wamezoea "kibadilika", tumia hilo, ila moja tu. Halafu tazama ile sehemu ya nne: "Haikujumlisha. Haikuweka bei mbili." Hayo ndiyo majibu mawili yasiyo sahihi ya hatua ya kwanza, yametajwa na kukataliwa waziwazi. Nilipoyaacha nje, nikidhani mfano unatosha, waliokosea waliendelea kukosea.

Soma kwa sauti, umesimama, simu ikihesabu muda. Fanya mara tatu na uchukue ile ndefu zaidi. Ikizidi sekunde 40 kabla hujaongeza ukimya, kata maneno, usiongeze mwendo. Mtu anayesikia dhana mara ya kwanza anahitaji pumzi baada ya kila nukta.

Hatua ya 6: Kurekodi

Kibao kinatengenezwa kwa kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi ya kung'aa inakataa chaki na inarudisha mwanga kwenye kamera. Sehemu inayohitaji mazoezi ni ya kufuta. Mara ya kwanza nilifuta kwa kiganja kikavu, na kwenye video 3000 ilibaki kama kivuli chini ya 4000. Nilikuwa nasema "elfu tatu haipo tena" wakati kila mtu anaiona. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha pitisha kikavu, kwa sababu chaki haishiki kwenye ubao uliolowa. Kati ya kufuta na kuandika unaweza kukata video, ila mkono unaofuta uonekane mzima, bila kukatwa, bila maneno, kwa sekunde tatu hivi. Kitendo hicho ndicho somo lenyewe.

Kwa msimbo, unaweza kuuandika na kuuendesha kwenye simu ya Android kwa programu ya Pydroid 3 na kurekodi skrini. Kuza herufi hadi mstari mmoja, kama `print(mchele)`, uchukue karibu upana wote. Weka msimbo nusu ya juu ya skrini. Chini huwa panafunikwa na maelezo na vitufe vya programu utakayoweka video. Na jibu lionekane baada ya kulitamka swali, si kabla. Ukionyesha mistari yote minne na majibu yake kwa pamoja, jicho linakimbilia mwisho na sikio linaachwa nyuma.

Andika msimbo upya kabla ya kurekodi na uuendeshe kweli. Simu nyingi hupandisha herufi ya kwanza zenyewe, na `Mchele` si `mchele`. Python itakuambia `NameError`. Zima upandishaji huo kwenye mipangilio ya kibodi.

Hatua ya 7: Jaribu kwa watu watatu kabla ya kuiweka

Waonyeshe mara moja, usiongeze neno, kisha uliza maswali mawili. La kwanza ni lile la mwishoni mwa video; jibu ni 2000. Akijibu 6000, hakuiona sehemu ya kufuta, kwa hiyo tatizo liko kwenye picha. Akijibu "4000 na 2000", rudi kwenye sehemu ya nne. La pili, mwombe akueleze kigeu kwa kitu kingine kisicho kibao. Binti mmoja aliniambia ni kama namba ya ukurasa uliofikia kwenye kitabu: jina lake "nimefikia", na kila siku namba inabadilika. Huyo ameelewa. Akikuambia "ni kibao cha bei" tena kwa maneno yaleyale, amekariri.

Usiulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, hasa akiwa mdogo kwako.

Mfano unapoishia

Kibao kinabeba hatua moja zaidi, na inastahili video yake ya pili. Mama wa dukani anakopesha. Jana, bei ikiwa 3000, jirani alichukua kilo 3, akaandikwa 9000 kwenye daftari. Leo bei imepanda. Je, deni limebadilika?

```python
mchele = 3000
deni = mchele * 3
mchele = 4000
print(deni)
```

Inaonyesha 9000. Wageni wengi watasema 12000, kwa sababu wanadhani `deni` imefungwa kwenye `mchele` milele, kama fomula ya kwenye jedwali la Excel. Daftari linawaweka sawa: hesabu ilifanyika siku ile, kwa bei ya siku ile, na kufuta kibao hakugusi kilichokwisha kuandikwa daftarini. Sijapata mfano unaoeleza jambo hili haraka kuliko huo, kwa sababu kila aliyewahi kuchukua mkopo dukani angepinga mara moja deni likiongezwa kwa bei mpya.

Ukifika kwenye orodha, kiache kibao:

```python
a = [1, 2]
b = a
b.append(3)
print(a)
```

Hii inaonyesha `[1, 2, 3]`, ingawa `a` haikuguswa kwa jina lake. Vibao viwili haviwezi kueleza hilo. Ukiandika kwenye kimoja, kingine hakibadiliki. Hapa tunahitaji mtu mmoja mwenye majina mawili. Nyumbani anaitwa Baba Juma, kazini anaitwa Fundi. Fundi akinyoa ndevu kazini, Baba Juma anarudi nyumbani hana ndevu.